Kilo ni Kilo, Nguo ni Nguo

Lori lilikuwa limeshatoka uani, na Bwana yule mzungu, mwenye nyumba ya kufulia nguo, alikuwa ananing'inia mlangoni mwa kabini, mguu mmoja ndani na mwingine nje, akipiga kelele juu ya mlio wa injini. Mke wake alikuwa ndani na paka mapajani. Nyuma walikuwa wamepakia vitanda, friji, na mashuka ya wateja wazungu ambao nao walikuwa barabarani wakikimbilia Usumbura, ng'ambo ya mpaka. Ilikuwa Julai mwaka wa sitini, wiki mbili baada ya uhuru wa Kongo. Tulimsikia akisema nyumba, mapipa, pasi tano na kamba zote za kuanikia vibaki kwa wafanyakazi wake, Onesphore na Candide, nusu kwa nusu. Kisha lori likakata kona ya Kilibula, mtaa wetu wa Uvira. Ufunguo aliurusha, ukaanguka kwenye vumbi kati yao wawili, na kila mmoja akamngoja mwenzake ainame.

Minye, mimi mwenyewe, niliuokota. Nilikuwa mchota maji na mkamua nguo, mwezi wa nne pale, na sikuwa na nia ya kukaa. Mguu wangu haukupenda mahali pamoja. Lakini nilitaka kuona nani atapewa ule ufunguo, na hivyo nikakaa hadi Oktoba.

Onesphore alikuwa mtu wa bonde. Kabla ya kuja Uvira alikuwa mpimaji kwenye soko la pamba kule Lubarika, miaka kumi na moja. Watu walimwita Bwana Kilo. Alipoacha kazi aliondoka na mizani moja ya kutundika, yenye ndoano, akasema ni malipo ya likizo alizonyimwa. Kwa Bwana mzungu alikuwa anapokea nguo na kuandika. Candide alikuwa mjane, mama wa watoto watatu, amefundishwa pasi na masista. Mkono wake wa kuume ulikuwa mnene kuliko wa kushoto. Shati lililopita mkononi mwake mtu aliogopa kulivaa, kwa jinsi lilivyonyooka.

Ukutani palikuwa na karatasi ya bei ya mzungu, mistari arobaini, kila nguo na bei yake, koti mbali, kaptula mbali, kitambaa cha meza mbali. Siku ya pili Onesphore aliibandua akaichoma. Alisema hizo ni bei za ubaguzi. Mbona koti lina heshima kuliko kaptula? Tuko huru, kilo ni kilo, na kila kilo italipa faranga kumi, iwe ya waziri au ya mvuvi.

Candide alisema ubaguzi ni kweli, uishe, lakini kilo ni mambo ya pamba. Kwake nguo ni nguo kama muntu ni muntu. Kila nguo faranga nne, hesabu kwa kidole, hata asiyesoma anaelewa.

Walibishana wiki mbili. Mapipa yalikauka. Mwisho walimwita Nyandwi, jirani mwuza makaa, mzee wa kanisa mwenye sauti ya taratibu, awaamue. Nyandwi akasema wapewe mwezi mmoja mmoja. Agosti iwe ya kilo, Septemba iwe ya nguo, siku za kazi ishirini na sita kila mwezi. Watoe makaa, sabuni, wanga na mshahara wangu wa faranga ishirini kwa siku. Wao wawili wasijilipe. Mwenye mwezi uliobakiza zaidi atachukua ufunguo na kuwa patron, mkuu wa nyumba. Mwingine atabaki kibarua, au aende zake.

Onesphore alikubali haraka, akitabasamu. Candide aliitazama meza ya pasi. Miaka tisa alikuwa amesimama mbele ya meza ile ile, na sasa angeweza kuwa kibarua wa mtu ambaye hajawahi kukunja hata soksi. Lakini alikubali. Ufunguo Nyandwi aliutia mfukoni.

Mwezi wa kilo ulianza kwa furaha. Mizani ilitundikwa mlangoni, na Onesphore alivaa kofia yake ya zamani ya soko la pamba. Wateja walifika wengi kuliko zamani, kwa sababu mji mzima ulikuwa umepanda cheo. Aliyekuwa mfagiaji wa ofisi alikuwa karani, na aliyekuwa karani alikuwa mkuu wa kitu fulani. Kila mmoja alitaka shati jeupe. Wa kwanza alikuwa Damien wa posta, ambaye ndani ya mwezi mmoja alipata meza, kengele ya mezani na mashati sita.

Sasa shati kavu lina uzito gani? Manne ndiyo kilo. Kwa hiyo Damien alilipa faranga mbili na nusu kwa shati moja, na shati moja Candide alilipiga wanga, akalinyunyizia maji, akapiga pasi kola, mabega, mikono, vifungo, dakika kumi. Blanketi hawakuleta hata moja. Mablanketi na magunia walifulia wenyewe mtoni Kalimabenge, bure, halafu kwetu walileta vyepesi vyenye taabu: mashati, sketi za marinda, mavazi ya kwaya, vilemba vya masista. Sketi moja yenye marinda arobaini haikufika nusu kilo. Candide aliizunguka kama mtu anayezunguka kaburi.

Hiyo ilikuwa taabu ya kwanza. Ya pili ilitoka kwa watu wa bonde, na Onesphore aliipanda mwenyewe zamani.

Alikuja mzee mmoja wa Lubarika na mashati ya wanawe, yametapakaa udongo. Mizani ikasema kilo tano. Mzee akamwambia toa moja. Onesphore akauliza moja ya nini. Yule mzee akavuta kiti akakaa, maana alikuwa ameingoja siku hiyo miaka mingi.

"Bwana Kilo," akasema, "weye ulikuwa unakata kilo moja katika tano za pamba yangu. Unasema pamba iko na unyevu, pamba iko na uchafu, kampuni hailipi uchafu. Miaka kumi na moja. Sasa shika hii nguo. Iko na jasho, au haiko?"

"Iko."

"Iko na uchafu?"

"Muzee, ndiyo maana umeileta."

"Basi minye silipi uchafu. Kata."

Watu kwenye foleni wakasema kata, Bwana Kilo, sheria ni yako. Na Onesphore alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Aliangalia mizani, akaangalia kofia yake, akakata. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyelipa tano. Wengine walitia matope makusudi ili wapate cha kubishania, na tope hilo tulilifua sisi.

Alijaribu kujiokoa. Akatangaza kwamba nguo zitapimwa zikiwa safi, kavu, zimekwisha pasi, hapo hakuna cha kukata. Halafu akamwambia Candide azidishe wanga wa muhogo, maana wanga nao una uzito wake. Siku tatu tulifanya hivyo. Suruali zilisimama zenyewe ukutani kama watu wanaongoja ushauri. Damien alirudi na alama nyekundu shingoni, akasema kola inamkata na hawezi kugeuza kichwa kusalimia wakubwa. Mizani ikaonyesha kwamba kila shati limeongezeka gramu kumi tu. Muhogo na makaa ya kukaushia wanga ule mzito vilikula zaidi ya gramu hizo. Onesphore akarudi kwenye kukata moja katika tano.

Siku ya kawaida ilikuwa hivi. Mashati sitini, ambayo ni kilo kumi na tano, tunalipwa kumi na mbili: faranga mia na ishirini. Makaa hamsini, sabuni na wanga thelathini na tano, mimi ishirini. Zinabaki kumi na tano. Siku ishirini na sita, faranga mia tatu na tisini. Nyandwi aliandika namba hiyo kwa kipande cha kaa kwenye ukuta wake mwenyewe, na nyumba yake ilikuwa na mabati mapya.

Septemba mosi Candide alitundika kibao: NGUO NI NGUO, FARANGA 4. Wiki ya kwanza aliimba. Mashati yale yale sitini sasa yaliingiza mia mbili arobaini kwa siku, gharama ni zile zile, zinabaki mia na thelathini na tano. Baada ya siku sita alikuwa na mia nane na kumi, zaidi ya mara mbili ya mwezi wote wa kilo. Onesphore alivua kofia. Alianza kumwita Candide dada kwa sauti ya mtu anayejiandalia mahali pa kulala.

Lakini mteja naye ana kidole cha kuhesabia. Damien aliona shati lake limepanda kutoka faranga mbili na nusu hadi nne, akaanza kulivaa siku tatu. Siku ya pili alilivaa na koti juu, siku ya tatu na koti na tai. Ofisi nzima ilimwiga. Mashati sitini yakawa arobaini, halafu ishirini.

Na mlimani habari ilipanda. Akateremka Rwabuhihi, mfugaji wa juu huko kwenye nyanda za ng'ombe, mtu mrefu mwenye fimbo na Biblia ndogo mfukoni. Alisimama mbele ya kibao akakisoma polepole, mara mbili. Kisha akauliza kwa adabu:

"Mama, na blanketi ni nguo?"

Candide alijua. Nilimwona anajua. Lakini foleni ilikuwa inasikiliza, na tangu Septemba mosi alikuwa anaimba kwamba nguo ni nguo.

"Nguo ni nguo, baba," akasema.

Rwabuhihi akamshukuru, akamshukuru na Mungu, akaenda. Siku ya nne alirudi na wapagazi watatu na mablanketi kumi na manne, ya kwake na ya ukoo, yenye siagi ya miaka.

Blanketi kavu ni kilo tatu. Likilowa, mimi ndiye wa kuulizwa, ni kama kumkamua ndama. Siagi haitoki kwa maji baridi, lazima kuni na maji ya moto. Sabuni ya faranga nane inaingia kwenye blanketi moja, na sisi tumelipwa nne. Halafu mvua zilikuwa zimeanza. Blanketi linalala kambani siku mbili, limekalia mahali pa mashati kumi na mawili. Kwa kilo Rwabuhihi angelipa thelathini kwa kila moja. Onesphore alikuwa akiniambia hivyo kila nilipopita na ndoo, taratibu, kama mtu anayesali.

Baada ya mablanketi yakaja mapazia ya ukumbi, foronya za magodoro, na tanga moja la mtumbwi kutoka Makobola ambalo mwenyewe aliapa ni nguo ya mtumbwi. Siku njema tulibakiza kumi. Siku mbaya tulipoteza hamsini. Zile mia nane na kumi zikaanza kuteremka kama maji kwenye pipa lililotoboka, na asubuhi ya siku ya mwisho zilikuwa mia tatu na sabini na nne.

Alihitaji kumi na saba zaidi ili aupite mwezi wa kilo. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na hadi saa nane hakuna mtu. Saa tisa akaja Félicité, mke wa fundi cherehani wa hapo chini, na furushi moja. Alilitandika mezani. Ilikuwa nguo ambayo sijaona nyingine kama hiyo, na nimetembea. Suruali nne za watoto, mashati manne, magauni matatu, zote zimeshonwa pamoja, mkono kwa mkono, pindo kwa kiuno, kwa uzi mzuri wa mume wake.

"Nguo moja," akasema Félicité, akaweka faranga nne.

Candide akasema ni kumi na moja, faranga arobaini na nne. Félicité akasema ajaribu kuitenganisha bila kuichana. Kibao kinasema nguo ni nguo, na hii ni nguo, imeshonwa na fundi mwenye leseni. Onesphore akaegemea mlango. Nyandwi akaitwa, akaja na mwavuli, akakizunguka kile kitu pande zote, akakohoa.

Akasema nguo ni kile mtu anachovaa. Ikivaliwa na mtu mmoja, ni moja. Félicité alete wa kuivaa.

Félicité aliwaita wanawe. Watano alikuwa nao, lakini mkubwa alikataa akakimbilia kwa shangazi yake. Wanne waliingia ndani ya nguo ile kwa kusukumwa, huyu kichwa, yule mguu, na mwisho wakasimama uani wamefungamana. Nyandwi akawaambia watembee hadi lango na kurudi. Walitembea. Wa mbele alitaka kushoto, wa nyuma alitaka kulia, wa katikati alikuwa anacheka. Walifika langoni, wakashindwa kugeuka, wakarudi kinyumenyume. Hata Candide alicheka, na kicheko kile kilimgharimu, maana baada yake hakuweza kubishia hukumu.

"Vichwa vinne," Nyandwi akasema. "Nguo nne. Faranga kumi na sita."

Sabuni ya kuzifua ilikuwa faranga nne. Mimi sikudai mshahara siku hiyo, na makaa Nyandwi alisema hesabu ilishafungwa asubuhi. Mia tatu na sabini na nne, ongeza kumi na sita, toa nne. Mia tatu na themanini na sita. Amepungukiwa nne, bei ya nguo moja. Angekuja yule mtoto wa tano wangekuwa sawa.

Nyandwi akautoa ufunguo akampa Onesphore. Candide alifuta meza, akazima makaa, akapanga pasi tano kwa mstari. Nikafikiri ataondoka. Alikwenda hadi mlangoni, akageuka.

"Sawa, patron," akasema. "Kesho nitakuja saa kumi na mbili. Weye piga kilo zako, sitakusumbua tena. Ila minye kibarua sasa, na kibarua analipwa. Nitalipwa kwa nguo. Kila nguo inayopita kwa pasi yangu, faranga moja na nusu."

Onesphore akasema sawa, maana alikuwa ameshika ufunguo na alikuwa na furaha. Candide akaenda. Ndipo nikamwona Bwana Kilo anachukua kipande cha kaa na kukaa chini mbele ya ukuta.

Alipiga hesabu kwa sauti. Kilo moja ya mashati, kumi, toa uchafu, nane. Makaa, sabuni, wanga na mchota maji zinakula saba. Inabaki moja. Katika kilo iko mashati manne, na manne ya Candide ni faranga sita. Akafuta, akaanza tena. Ikatoka vile vile. Kila kilo atakayoipokea, atatoa faranga tano mfukoni mwake. Kilo kumi na tano kwa siku, hasara sabini na tano.

"Lakini Agosti nilipata faida," akaniambia.

Nikamwambia Agosti mkono wa Candide haukuandikwa popote. Faida yake yote ilikuwa mkono ule.

Alijaribu njia nyingine kwanza, kama mwanaume yeyote. Alimwita Mathieu, aliyekuwa boyi wa mzungu mmoja mkubwa, apige pasi. Mathieu akauliza malipo ni kwa kilo au kwa nguo. Aliposikia kwa kilo, akasema salamu nyumbani. Basi Onesphore akashika pasi mwenyewe. Shati la kwanza lilimchukua nusu saa na zaidi, na lilipokwisha lilikuwa na mikunjo ambayo halikuja nayo. La pili lilikuwa la Damien. Alama ya pasi ilibaki mgongoni, kahawia, umbo la mtumbwi. Nilisikia baadaye kwamba Damien alilivaa na koti hadi Krismasi.

Siku zile Candide alikuja kila asubuhi saa kumi na mbili, akakaa kwenye kiti cha mteja, akangoja nguo zimpitie. Alikuwa anafuma sweta.

Siku ya nne Onesphore alimwekea ufunguo mezani.

"Dada," akasema, "minye najua kupima. Sijui kazi."

"Kaa tuseme," Candide akamjibu, na hakuugusa ufunguo hadi walipomaliza.

Walisema asubuhi nzima, na mimi niliambiwa nisimwage maji nisije nikawapotezea hesabu. Kilichotoka ni rahisi, nashangaa tulikwenda miezi miwili kukitafuta. Maji na sabuni vinafuata uzito. Mkono na makaa vinafuata nguo. Basi kufua kulipwe kwa kilo, faranga tano, na kupiga pasi kulipwe kwa nguo: mbili kwa shati, tatu kwa suruali, sketi ya marinda ihesabiwe marinda. Shati la Damien likawa faranga tatu na robo, akaacha kulivaa siku tatu. Blanketi la Rwabuhihi likawa kumi na tano bila pasi, akalalamika kidogo, akaleta sita. Félicité alileta ile nguo yake tena, tukaipima ikiwa imeshonwa vile vile, kilo mbili na nusu bila pasi, na hakuna aliyebishana naye.

Ilibaki uchafu. Yule mzee wa Lubarika alikuja tena akasema kata. Candide ndiye alimjibu safari hii. Alimwambia baba, kampuni ilikuwa inanunua pamba, uchafu haukuwafaa kitu. Sisi hatununui shati lako. Uchafu ndio tunaoufanyia kazi, na uchafu wako utalipa kama nguo yako. Mzee alifikiri, akasema huyu mama angenunua pamba zamani bonde lingekuwa mbali. Akalipa kilo tano nzima.

Mwezi huo wa kwanza, baada ya kila mmoja wao kujiandikia mshahara, zilibaki mia saba na ishirini. Waligawana nusu kwa nusu, na ufunguo Candide alikaa nao, Onesphore hakuuomba.

Minye niliondoka mwisho wa Oktoba kwenda Fizi. Nilipita tena Uvira mara mbili, na haya ndiyo niliyoyakuta na kuyasikia.

Nyumba ya kufulia ilifanya kazi hadi mwaka wa sitini na nne, waasi walipouchukua mji mwezi wa tano. Walileta nguo wiki ya kwanza, wakalipa kwa karatasi zenye mhuri, halafu hawakuleta tena. Mizani walikwenda nayo. Onesphore alivuka kwenda Burundi na mke wake, akapata kazi ya kupima kahawa, akafia huko. Candide alihamisha pasi tatu nyumbani kwake na kuendelea. Watoto wake wawili walisoma, mmoja alikufa katika vita. Damien alihamishiwa Bukavu. Rwabuhihi alibaki mlimani na ng'ombe wake, sikupata habari zake baada ya hapo. Nyandwi alirudi kwao mlimani pia, mabati yakaibwa. Félicité na fundi walihamia Makobola, wakashona nguo za shule. Bwana mzungu alifungua nyumba ya kufulia Usumbura, ikafungwa sitini na mbili. Nyumba yetu Kilibula ilikaa tupu miaka mingi, kisha mtu akaweka mbuzi ndani.